Nyuma ya Pazia la Kanga

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajakanyaga sokoni, kibanda cha viatu vya mtumba ninachokizungumzia hapa hakina sura ya biashara. Kinafanana zaidi na uani siku ya kufua. Kipo katika moja ya masoko ya mitumba ya Dar es Salaam, na upana wake hauzidi hatua nne. Katikati imepitishwa kamba, na juu ya kamba zimetundikwa kanga mbili zilizopauka, zimeshonwa pamoja zikawa pazia. Mbele ya pazia kuna meza ya mbao na wavu wa chuma wa kutundikia viatu. Nyuma yake kuna ndoo tatu, beseni, jiko la mkaa, kopo la gundi, na gunia la viatu ambavyo bado havijawa bidhaa.

Mwenye kibanda ni mama wa makamo. Anasaidiwa na vijana wawili, mmoja wao mtoto wa dada yake, anayemwita mama mdogo. Saa hizo za alfajiri mama huyu yuko peku, kanga kiunoni, na maneno yake ni ya mtu aliyelala saa nne. Mpwa wake analalamika mgongo. Yule kijana mwingine anapekua gunia huku akiwacheka walioteuliwa kumnunulia mama mzigo wa jana, kwamba wamepigwa. Hakuna anayechagua maneno.

Saa mbili na nusu nimesimama pale pale, na watu ni wale wale, lakini kila kitu kimebadilika. Mama amevaa gauni safi na kilemba. Mpwa wake amesimama wima kama hajawahi kuujua mgongo. Viatu vimepangwa kwa rangi, vyeupe vikiwa usawa wa macho ya mpita njia. Mwanamume mmoja anapunguza mwendo, na mpwa anaita kwa sauti ya kukunjua uso: "Karibu kaka, raba zipo, moka zipo, kuangalia bure!"

Wahenga walituambia usione vyaelea, vimeundwa. Kwa kawaida tunaisoma methali hiyo kama sifa kwa jasho la fundi. Mimi naona inasema jambo la ndani zaidi: kinachoelea mbele ya macho yetu kina mahali pake pa kuundwa, na mahali hapo mtazamaji hatakiwi kuwapo. Kibanda hiki kimenifundisha kwamba pazia hilo halimaanishi udanganyifu. Linaweza kuficha udanganyifu, linaweza kuficha kazi halali, na mnunuzi mwenye akili anapaswa kujua tofauti.

Mtu aliyekaa jikoni

Mwanazuoni aliyelichambua pazia hili kuliko wengi ni Erving Goffman, mwanasosholojia aliyezaliwa Kanada mwaka 1922. Mwishoni mwa mwaka 1949 alikwenda Unst, kisiwa kidogo katika Visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa mwa Uskoti, akakaa huko kwa vipindi hadi mwaka 1951 akikusanya habari za utafiti wake wa udaktari. Wenyeji walikuwa wakulima wadogo na wavuvi. Kisiwani kulikuwa na hoteli ya watalii, na Goffman aliizoea hoteli hiyo, jiko lake kuliko ukumbi wake.

Katika ukumbi wa chakula, wageni wa tabaka la kati waliona vitambaa safi na wahudumu wenye adabu. Jikoni aliona mambo mengine. Soksi mbichi zilikaushwa juu ya birika linalotoa mvuke. Supu iliyolala iliweza kuota ukungu. Siagi iliyolainika na kuharibika umbo mezani ilikusanywa, ikaviringwa upya ionekane haijaguswa, ikarudishwa kwa wageni. Mgeni akiomba chai mpya, ilichemshwa katika birika lenye majani ya wiki kadhaa yaliyoganda chini. Wafanyakazi na wenye hoteli, waliokuwa na asili moja ya ukulima mdogo, walikula kienyeji, wakaitana majina ya kwanza, wakacheka. Kisha mhudumu alibeba sinia, akapita mlangoni, akatokea upande wa pili akiwa mtu mwingine.

Kutokana na mambo kama hayo Goffman aliandika kitabu kuhusu namna mtu anavyojionyesha katika maisha ya kila siku. Kilitoka kwanza Edinburgh mwaka 1956, na toleo lililopanuliwa likachapishwa Marekani mwaka 1959. Hoja yake ni hii: watu wanapokutana, kila mmoja hutaka wenzake wamwone kwa namna fulani, hivyo hupanga mahali, mavazi na mwenendo wake ili taswira hiyo isimame. Aliazima maneno ya mchezo wa kuigiza. Panapoonekana aliita jukwaa la mbele. Panapoandaliwa, ambapo mtu hulegea na kuivua ile taswira, aliita nyuma ya jukwaa. Kazi nzima ya kuilinda taswira isiporomoke ni usimamizi wa taswira.

Jambo moja katika hoteli ile linanigusa kila nikitazama kanga za kibanda. Mlango kati ya jiko na sehemu za wageni ulikuwa chanzo cha ugomvi wa kila siku. Wahudumu walitaka ubaki wazi, wapitishe masinia kwa urahisi na waone kama wageni wako tayari. Wenye hoteli walitaka ufungwe, wageni wasije wakaona jikoni kunavyoliwa. Basi mlango ukawa unabamizwa na kusukumwa mchana kutwa. Pale kibandani ni vivyo hivyo: mpwa anavuta kanga ipishe hewa na amwone mteja anayekuja, mama mdogo anairudisha. Sikumwona akimkemea kwa jambo lolote zaidi ya hilo.

Hodi ya sokoni

Mswahili hahitaji profesa amwambie kwamba nyumba ina mbele na nyuma. Nyumba zetu za pwani zina baraza panapopokelewa mgeni, na zina uani panapopikwa, panapofuliwa na panaposemwa ya ndani. Tena tuna neno linalofanya kazi ya ule mlango wa hotelini, nalo ni hodi. Tunafundishwa kwamba hodi ni kuomba ruhusa, na ni kweli. Lakini hodi pia huwapa walio ndani muda. Kati ya hodi ya kwanza na karibu, mtu hujifunga kanga vizuri, huondoa sahani yenye mabaki, hukatiza maneno yasiyomhusu mgeni. Ndiyo maana anayeingia bila hodi hutuudhi hata kama ni mtu wa karibu. Ametukuta kabla hatujawa tayari kuwa wenyeji wake.

Sokoni hakuna mteja anayepiga hodi. Kwa hiyo wenye kibanda wametengeneza hodi yao. Ile sauti ya "Karibu kaka, raba zipo!" nilidhani ni ya kumvuta mteja tu, mpaka nilipokaa nyuma ya kanga. Nikiwa huko nilisikia namna inavyobadilisha mambo. Mama aliyekuwa anazungumzia deni la marejesho alinyamaza katikati ya neno. Kijana aliyekuwa anapaka gundi alisogeza kopo chini ya meza. Karibu ile ilikuwa na wasikilizaji wawili, mmoja nje na mmoja ndani, na wa ndani ndiye aliyeihitaji zaidi.

Kiatu kinavyoundwa

Tukae kidogo nyuma ya pazia, maana hapa ndipo swali la uaminifu linapojibiwa, kwa vitendo.

Jozi zikitoka kwenye gunia, kijana huzitoa kamba na soli za ndani, kwa sababu hizo hufuliwa peke yake. Kamba huloweka kwenye sabuni ya unga. Kiatu hakilowekwi; husuguliwa kwa brashi laini iliyochovywa kwenye povu, na mswaki wa zamani huingia kwenye mishono na pembeni mwa soli. Kukilaza kiatu ndani ya maji ni kosa la wageni wa kazi, kwani maji hupenya penye gundi na kuilegeza. Baada ya kusuuza kwa kitambaa, huingizwa magazeti yaliyokunjwa yanyonye maji na kukirudishia kiatu umbo la mguu.

Raba nyeupe zina utaratibu wao. Zikikaushwa hivi hivi, uchafu uliobaki ndani ya kitambaa hupanda na maji juu na kuacha madoa ya njano. Kijana huzizungushia karatasi laini ya chooni zikiwa bado mbichi, tabaka mbili tatu. Karatasi ndiyo hukauka mwisho, na unjano hubaki juu yake. Kisha zinawekwa kivulini, kwa kuwa jua kali hugeuza rangi na hulegeza gundi. Ukipita nyuma ya vibanda asubuhi utaona safu za raba zilizofungwa bandeji nyeupe kama wagonjwa wa ajali.

Viatu vilivyofunguka mdomo hukwanguliwa gundi ya zamani, hupakwa mpya pande zote mbili, huachwa hadi gundi iguswe isinate sana, ndipo hubanwa kwa kamba ya mpira. Vinavyohitaji nguvu zaidi huenda kwa fundi kushonwa soli. Moka hupakwa rangi na kung'arishwa.

Sasa jiulize swali moja kuhusu kila hatua: mteja angeiona, angefanya nini? Angemwona kijana na mswaki na karatasi zake, angefurahi, pengine angeomba mafunzo. Kazi hiyo imefichwa kwa sababu beseni la maji machafu halikai vizuri karibu na bidhaa, basi. Angeona gundi, angeuliza itadumu miezi mingapi, na angetaka apunguziwe. Hapo siri imeanza kuwa na bei.

Lakini iko aina ya tatu. Siku moja kijana alitoa raba moja ya kupendeza, haina doa. Mama aliishika, akabonyeza soli kwa ukucha wa dole gumba, na punje zikadondoka kama makombo ya mkate. Soli nyingi laini za povu hutengenezwa kwa plastiki iitwayo poliyurithani, ambayo baadhi ya aina zake huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa taratibu, mwaka hadi mwaka, hata kiatu kikiwa hakijavaliwa. Kiatu kilichokaa kabatini miaka mingi hukutana na joto na unyevu wa pwani kikiwa tayari kimeoza kwa ndani. Kikipakwa rangi nyeupe pembeni na kutundikwa juu, kitavutia kuliko vyote. Kitatembea siku mbili, tatu, kisha soli itabaki barabarani.

"Hii tukiipaka itaondoka leo leo," kijana alisema.

"Na mwenye kuinunua ataondoka nayo kabisa, harudi," mama akajibu, akaitupa kwenye kiroba cha taka.

Goffman alizitenganisha siri za namna hii. Zipo siri nyeusi, ambazo zikijulikana huiangusha taswira yote, kwa sababu zinapingana na kile kinachooneshwa. Soli iliyooza chini ya rangi ni siri nyeusi. Zipo siri za mkakati, zinazofichwa ili mpinzani asizitumie, kama bei ya manunuzi. Na zipo siri za ndani, ambazo kazi yake ni kuwafanya wanaozijua wajione ni wamoja, kama majina ya utani wanayowapa wateja. Watu wanaosema wafanyabiashara wote ni waongo kwa sababu wana mambo ya pembeni wanazichanganya siri hizi tatu katika kapu moja. Mteja ana haki ya kuijua ya kwanza. Ya pili ni ya mwenye mali, na ya tatu haimhusu.

Timu ya watu wawili

Siri ya mkakati ina uigizaji wake, na haiigizwi na mtu mmoja. Nilimwona mwanamume aliyevaa kikazi akishika moka nyeusi.

"Hii ngapi?"

"Arobaini na tano, kaka, ila maongezi yapo."

"Nina ishirini."

"Ishirini hata mtaji haurudi, kaka'angu." Mpwa akageukia pazia. "Mama mdogo, hii moka nyeusi tunaiachia ngapi?"

Sauti ikatoka nyuma: "Hiyo usishuke chini ya thelathini na tano, tutaumia."

Nilikuwapo moka ile iliponunuliwa. Iligharimu shilingi 17,000, na fundi alichukua 2,000 kwa kushona soli. Kijana aliijua hesabu hiyo kama alivyojua jina lake, na asubuhi walikuwa wamekubaliana isiende chini ya 25,000. Hakuwa anauliza. Swali lake lilimpa mteja nafasi ya kusikia, kana kwamba kwa bahati, sauti ya ndani, kwa sababu kinachosikika kutoka nyuma huaminika kuliko kinachosemwa usoni. Huu ni ufundi mzuri wa jukwaa: wameitumia nyuma yenyewe kama sehemu ya mbele.

Mteja akaweka kiatu chini, akapiga hatua tatu. Kijana akamrudisha, akaomba tena kwa sauti, "Tumpe thelathini, ni mtu wetu," na mama akakubali kwa kusitasita. Mwanamume akatoa noti tatu za elfu kumi kutoka mfuko wa shati. "Ndizo nilizobaki nazo hizi." Dakika tano baadaye nilimwona kibanda cha nne akinunua mkanda, akitoa pesa mfuko wa suruali.

Basi jukwaani palikuwa na timu mbili. Muuzaji alificha mtaji wake na mnunuzi alificha mfuko wake. Muuzaji alijifanya ataumia, mnunuzi akajifanya anaondoka. Kila mmoja alijua mwenzake anaigiza, na hakuna aliyedanganyika juu ya kiatu chenyewe, ambacho kilikuwa kizima na kilikuwa mkononi. Kwa ngozi na soli ile, 30,000 ilikuwa bei inayokubalika na wote.

Kariakoo mchezo huu una mhusika wa tatu, winga. Winga hana duka, anajua maduka. Anakupokea barabarani, anakuuliza unatafuta nini, anakupeleka anapojua kipo, na juu ya bei ya duka anaweka cha juu ambacho ni riziki yake. Kwako anasema "dukani kwetu". Kwa mwenye duka yeye ni mleta wateja. Goffman alieleza nafasi ya mtu wa namna hii, aliye mwenzao wa pande mbili: anaishi kwa sababu pande hizo hazijazungumza moja kwa moja. Ndiyo maana winga hutaja bei kabla muuzaji hajafungua mdomo, na muuzaji humtazama winga kabla ya kukujibu. Ukiona jicho hilo, umeona mshono wa pazia. Wapo mawinga wanaokuokoa saa tatu za kuzunguka, na cha juu chao ni ujira wa haki. Lakini ukitaka kujua ni kiasi gani, rudi peke yako umuulize muuzaji wa duka.

Pazia linapoanguka

Siku nyingine mchezo wa bei ulivunjika mbele yangu. Mama alikuwa ametoka kusema kutoka nyuma, "Thelathini na tano, tutaumia." Yule kijana wa pili, mgeni wa kazi, alikuwa anaingia na ndoo ya maji. "Si tulisema asubuhi iende hata ishirini na tano?" akauliza kwa nia njema kabisa.

Kimya kikaingia. Mpwa akatazama meza. Mteja, dada wa miaka ya thelathini, alikuwa amesikia kila neno. Angeweza kucheka. Angeweza kusema, "Haya, nipeni kwa ishirini na tano." Badala yake aliinama, akakitazama kiatu ndani kana kwamba anatafuta namba, akakaa hivyo kwa sekunde chache hadi nyuso zikatulia. Kisha akasema taratibu, "Nina ishirini na saba, tufanye biashara." Wakafanya.

Goffman aliandika kwamba mara nyingi taswira haiokolewi na mwigizaji bali na mtazamaji, anayechagua kutoona. Sisi tunalo neno la tendo hilo, nalo lina uzito kuliko la kwake: kusitiri. Yule dada aliwasitiri. Alijua ameshinda, akachukua faida yake, lakini hakuwavua nguo. Tunafanya hivyo kila siku kwa mwenyeji aliyeazima sahani kwa jirani, kwa mwenzetu wa kazini aliyelia chooni akarudi macho mekundu. Bila stara ya mtazamaji hakuna pazia linalotosha, hata liwe la chuma.

Baada ya dada kuondoka, mama hakumfokea kijana. Alimwambia, "Mwanangu, ukisikia bei inatajwa huko mbele, ndoo iweke chini kwanza." Hayo ndiyo mafunzo ya timu: kuwa mwaminifu kwa wenzako, kujizuia, na kutazama kabla ya kuingia. Goffman alizitaja nidhamu hizo hizo tatu, naye hakusema kwa kifupi kama mama.

Asiye na nyuma

Ukitoka kibandani na kutazama barabarani, utawaona wasio na kanga ya kutundika. Machinga aliyebeba mikanda begani yuko jukwaani tangu asubuhi hadi jioni. Hana pa kukalia akalegeza uso, hana pa kuhesabu pesa bila kuonekana, hana pa kula bila mteja kumkatiza mdomo ukiwa umejaa. Nimemwona mmoja akijitengenezea nyuma kwa mwili wake: aligeukia nguzo ya umeme, akaipa barabara mgongo, akahesabu noti zake kifuani, akapumua mara mbili, kisha akageuka na tabasamu lake. Nguzo ile ilikuwa uani kwake.

Jambo hili ni la afya. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, alichapisha kitabu kilichotokana kwa sehemu kubwa na utafiti kati ya wahudumu wa ndege, ambao tabasamu lilikuwa sehemu ya mkataba wao. Alionesha kwamba kuzisimamia hisia kwa ajili ya mteja ni kazi, na kazi hiyo inachosha kama kubeba mizigo. Wengine walifika mahali hawajui tena tabasamu lipi ni lao. Anayetabasamu kwa ujira anahitaji mahali pa kukunja uso. Mwenye duka anayemkataza mfanyakazi asikae hata nyuma ya kaunta, anayetundika kamera hadi chumba cha kubadilishia nguo, anadhani anadhibiti uvivu. Anachokiondoa ni karakana ya adabu ile ile anayoitaka kwa wateja.

Mfano una mwisho wake

Goffman mwenyewe aliuwekea mfano wake mpaka. Karibu na mwisho wa kitabu alikiri kwamba lugha ya jukwaa ilikuwa kama jukwaa la fundi ujenzi, la kusimamia wakati wa kujenga na la kubomolewa baadaye. Mwigizaji akifa jukwaani, huinuka pazia likifungwa. Kibandani matokeo hayarudishwi. Pesa ikitoka imetoka, na soli ikikatika mvua inanyesha, mguu unaolowa ni wa kweli.

Kwa hiyo mteja anayekwenda sokoni hana haja ya kuchukia uigizaji wala kujaribu kuufunua wote. Tabasamu, bei ya kwanza, sauti ya mama nyuma ya kanga, hayo ni mambo ya ukumbini. Yajibu kwa uigizaji wako na mmalizane kwa heshima. Lakini kiatu chenyewe kitoe jukwaani. Bonyeza soli kwa ukucha uone kama inamomonyoka au inanata. Kikunje pale vidole vinapokunja, utazame mstari wa gundi kama unafunguka. Nusa: gundi mbichi ina harufu kali, na harufu hiyo inasema tengenezo ni la jana. Toa soli ya ndani utazame chini yake, maana huko rangi haipakwi.

Nilipokwenda mara ya mwisho nilifika mapema kuliko walivyonitarajia, mpwa akiwa hajaamka vizuri. Nilisimama nje ya wavu, mkono ukiwa tayari kuvuta kanga, nikasita. Nikasema hodi. Ndani pakawa kimya kidogo, nikasikia beseni likisogezwa, kikohozi, nguo ikikung'utwa. Kisha sauti ya mama ikatoka ikiwa imeshakunjuka: "Karibu, mwanangu, pita."